Kahawa Iliyoondolewa Kafeini: Kiasi Gani Hubaki Kikombeni?

Je, kahawa iliyoondolewa kafeini bado huwa na kafeini? Ndiyo, hubaki, ila ni kidogo. Kikombe cha mililita 240 cha kahawa ya kawaida huwa na miligramu 95 hivi. Cha kahawa iliyoondolewa kafeini mara nyingi huwa na miligramu 2 hadi 7, na vingine hufika 15.

Kafeini huondolewa buni ikiwa bado mbichi, kabla ya kukaangwa. Buni hulowekwa au kupigwa mvuke hadi ivimbe, kisha kafeini hufyonzwa kwa maji, kwa kemikali ya kuyeyushia au kwa gesi ya kaboni dayoksaidi iliyogandamizwa sana. Kazi hiyo hurudiwa mpaka kiwango kinachotakiwa kifikiwe. Kuing'oa chembe ya mwisho kungepoteza pia vitu vinavyoipa kahawa ladha na harufu yake, ndiyo maana kiwanda huacha kidogo.

Kidogo hicho hutegemea aina ya buni. Chukua gramu 12 za kahawa ya kusaga, zinazotosha kikombe kimoja kikubwa. Arabika, kama ile ya Kilimanjaro, ina kafeini ya takriban asilimia 1.2, yaani miligramu 144 katika gramu hizo. Ikiondolewa asilimia 97, zinabaki kama miligramu 4. Robusta, inayolimwa kwa wingi Kagera na Uganda, hufikia asilimia 2.2 au zaidi, yaani miligramu 264. Hiyo nayo ikiondolewa asilimia 97 hubakiwa na karibu miligramu 8. Kwa hiyo pakiti mbili zenye maandishi yaleyale zaweza kutofautiana maradufu. Nchi kadhaa za Ulaya hupima kilichobaki badala ya kilichoondolewa: kahawa iliyokaangwa isizidi asilimia 0.1 ya kafeini, kwa hiyo gramu 12 haziwezi kuzidi miligramu 12.

Usitegemee ulimi kukuambia. Uchungu mwingi wa kahawa hautokani na kafeini, hivyo mhudumu akikosea kopo, au akitumia mashine ya kusagia yenye mabaki ya kahawa ya kawaida, huenda usitambue. Ukipata mapigo ya moyo ya kasi au ukakosa usingizi baada ya kikombe kimoja tu, huenda ulipewa kahawa ya kawaida, ingawa dalili hizo zaweza kuwa na sababu nyingine.

Mjamzito hushauriwa asizidishe miligramu 200 za kafeini kwa siku. Vikombe vitatu vya robusta hiyo iliyoondolewa kafeini vina miligramu 24 tu, lakini ahesabu pia chai ya rangi, kola na chokoleti anazotumia siku hiyo.

Kuna hali moja ambapo hata kiasi hiki ni kingi: kipimo cha mtiririko wa damu kwenye moyo kinachotumia dawa ya adenosini au dipiridamoli. Kafeini huzuia dawa hizo kupanua mishipa ya moyo, na mshipa ulioziba unaweza kuonekana mzima. Ndiyo maana mgonjwa huagizwa asinywe kahawa yoyote, hata iliyoondolewa kafeini, kwa saa 12 hadi 24 kabla ya kipimo. Ukiwa umekunywa, mwambie mtoa huduma kabla dawa haijaingizwa mwilini, kwani huenda kipimo kikaahirishwa.