Nafasi za mafunzo kwa wahitimu: uzoefu hauhesabiwi kwanza

Kuna ujumbe unaosambazwa kuhusu nafasi hizi: "Kama huna uzoefu wa miaka miwili usiombe, wanaanza na wenye uzoefu."

Sivyo. Kinachoanza ni kigezo cha ufaulu, ambacho mara nyingi ni daraja la pili la juu, yaani GPA 3.5 kwa vyuo vya Tanzania, na aliye na 3.4 huweza kuondolewa hata kama amefanya kazi benki miaka miwili.

Waliobaki hupewa alama kwa majibu yao ya maswali ya maombi. Tuseme motisha ina alama 5 na uwezo wa kukua 5: anayeandika "napenda changamoto" hupata 1, ilhali aliyeeleza jinsi alivyofuatilia madeni ya kikundi cha akiba chuoni, na alichobadilisha wanachama walipogoma kulipa, hufika 4 bila kuwahi kuajiriwa.

Mkanganyiko hutokana na matangazo ya ajira za kawaida, ambazo kweli hudai uzoefu, kubandikwa pamoja na haya ya mafunzo kwa wahitimu. Basi soma sehemu ya sifa za mwombaji: ikitaja mwaka wa kuhitimu na ufaulu, pengine hata ukomo wa uzoefu, huo ni mpango wa wahitimu. Ujumbe ule tafadhali usiusambaze. Tuma tangazo lenyewe.