"Mbona mmezima taa?"

Mgonjwa akiniuliza hivyo saa nne asubuhi, jua limejaa wodini, simuulizi tena kama amekunywa. Namuuliza alikunywa lini, na akina nani.

Mimi ni daktari wa idara ya dharura, hapa Kenya ya kati. Wasomaji wa huku hawahitaji kukumbushwa kumi kumi, pombe iliyotiwa methanoli, alkoholi ya kiwandani, iliyoua watu zaidi ya 130 Nairobi mwezi wa Novemba 2000, wala vifo vya Embu na kaunti jirani mwezi wa Mei 2014, wala vile vya Kirinyaga Februari 2024. Kila mara magazeti huhesabu maiti. Mimi nataka kueleza zile saa zilizo kati ya glasi ya mwisho na giza, maana ndizo saa ambazo mtu bado anaweza kuokolewa, na ndizo hizo anazozimaliza kitandani akidhani ana hangova.

Nichukue mgonjwa mmoja, ambaye nimembadilisha mambo kadhaa asitambulike. Ni fundi wa mawe, kilo 60 hivi. Ijumaa jioni yeye na rafiki yake walikunywa chang'aa mahali walipozoea. Jumamosi aliamka na kichwa kizito, akaenda mjengoni hivyo hivyo, na kufikia adhuhuri alijisikia nafuu. Jumamosi usiku tumbo likaanza kumsokota, akatapika, kichwa kikarudi kwa nguvu kuliko asubuhi. Mkewe akampa supu. Jumapili alfajiri alisema anaona kama amekaa ndani ya moshi. Walipomfikisha kwetu saa nne, ilikuwa imepita siku moja na nusu tangu anywe.

Kwa nini sumu ichelewe hivyo? Kwa sababu methanoli yenyewe si kali sana. Inalevya kidogo, basi. Ubaya unaanzia kwenye ini. Kimeng'enya kinachovunja pombe ya kawaida, yaani ethanoli, ndicho hicho hicho kinachovunja methanoli. Huigeuza kuwa fomaldehaidi, kisha mwili huigeuza hiyo kuwa asidi ya fomiki. Asidi hii huzuia seli kutumia oksijeni, hata kama damu inayofika imejaa oksijeni. Neva ya jicho hula nishati nyingi, kwa hiyo hukosa pumzi mapema kuliko viungo vingine.

Sasa, kimeng'enya hicho huipenda ethanoli zaidi. Ethanoli ikiwepo, methanoli hupanga foleni nyuma yake. Chang'aa iliyotiwa methanoli huwa na zote mbili, kwa hiyo mnywaji hulindwa na pombe ile ile iliyomlevya, mpaka itakapoisha mwilini. Kwa kawaida dalili hujitokeza baada ya saa 12 hadi 24, lakini kwa aliyekunywa ethanoli nyingi zinaweza kukawia hata siku mbili au tatu.

Hapo ndipo tofauti na hangova inapoonekana. Hangova hukuamkia na ubaya wake wote, kisha inapungua kadiri siku inavyosonga. Methanoli humpa mtu nafuu, halafu inarudi na kuzidi: kichwa, kizunguzungu, kutapika, maumivu ya tumbo. Anayeumwa zaidi jioni kuliko alivyoumwa asubuhi, hali hajanywa tena, huyo aletwe hospitali usiku huo huo. Macho nayo yana lugha yake. Wengine husema ukungu, wengine moshi, wengine maziwa. Mwanga huwaumiza, au rangi hufifia. Msisubiri giza. Ukungu tu unatosha.

Dalili ninayoiogopa kuliko zote ni pumzi, na wengi nyumbani hawaitambui. Fundi wetu alikuwa amekaa ametulia, ila akihema kwa nguvu na kwa kina kama aliyepanda mlima na mfuko wa saruji. Nilihesabu pumzi 36 kwa dakika; mtu mzima aliyetulia huvuta 12 hadi 20. Mapafu yake hayakuwa na ugonjwa wowote. Damu ilikuwa imejaa asidi, na mapafu yalijaribu kuipunguza kwa kutoa kaboni dioksaidi. Nilipommulika kwa tochi, mboni zilibaki wazi.

Hospitali nyingi za kwetu haziwezi kupima methanoli yenyewe, kwa hiyo tunaisaka kwa nyayo zake. Sodiamu ya fundi ilikuwa 140, kloraidi 102, bikaboneti 6. Toa hizo mbili za mwisho kwenye ya kwanza, unabaki na 32, wakati kwa kawaida pengo hilo ni 12 hivi. Asidi fulani ambayo hatujaipima imejaa humo. Kwa mtu aliyekunywa chang'aa na haoni, sisubiri maabara nyingine.

Matibabu huwashangaza jamaa. "Daktari, unampa pombe tena?" mkewe aliniuliza. Ndiyo, mama. Dawa bora ni fomepizoli, ambayo hukifunga kile kimeng'enya, lakini ni ghali na sisi hatukuwa nayo. Bila hiyo tunatumia ethanoli halali. Kwa kilo zake, ilikuwa karibu mililita 130 za pombe ya asilimia 40, ikachanganywa na juisi na kupitishwa kwenye mpira wa puani, kisha kiasi kidogo kila saa ili foleni isisogee. Tuliongeza bikaboneti ya kupunguza asidi na asidi ya foliniki ya kuusaidia mwili kuivunja ile fomiki, halafu tukampeleka kusafishwa damu kwa mashine, maana mashine ndiyo inayotoa methanoli na asidi yote. Tafadhali msijaribu haya nyumbani. Mgonjwa anayetapika na kupoteza fahamu atapaliwa, sukari yake itashuka, na chupa mtakayompa huenda ikawa ile ile iliyomuumiza.

Wengi huuliza kama kuna namna ya kuijua kabla ya kuinywa. Hakuna. Kuiwasha moto hakusaidii, kwa sababu mchanganyiko wa methanoli na ethanoli huwaka samawati kama chang'aa safi. Kunusa hakusaidii, wala kuionja. Pia si kweli kwamba ni kosa la mpikaji asiyemwaga matone ya kwanza. Nafaka na sukari zikichachushwa hutoa methanoli kidogo mno. Ile inayoua mtaa mzima hutoka kwenye pipa la kiwandani, methanoli ya kutengenezea rangi na viyeyushi, ambayo mtu ameitia ili pombe iwe nyingi na kali kwa bei ndogo. Mililita 10 za methanoli tupu zimeshawahi kupofusha mtu, na 30 zinaweza kuua. Hivyo ni vijiko viwili na sita vya chai.

Nimebakisha rafiki yake. Tulimtafuta kwa simu Jumapili hiyo, tukamkuta baa, mzima kabisa, akinywa bia tangu Jumamosi asubuhi. Mwanzoni alikataa kuja: "Mimi sina shida, daktari." Alipokuja hatimaye, kipimo chake cha asidi kilikuwa kizuri, na hapo ndipo daktari mgeni humruhusu arudi nyumbani. Bia ilikuwa imeishikilia foleni. Angelala usiku ule bila kunywa, ini lingeanza kazi. Tulimlaza, tukamwekea ethanoli, akasafishwa damu Jumatatu, na macho yake hayakuguswa.

Fundi naye aliishi. Anaona pembeni, katikati hakuna kitu. Mlango anauona akiutazama ukuta, na sura ya mkewe huipata tu akigeuza uso kando.