Barua kwa Katibu Tawala, ujumbe kwa kijana wa kampuni changa: maelezo kutoka masijala

Kila Nanenane inapokaribia, ofisi za serikali huku Kusini hupokea barua nyingi za vikundi vinavyoomba nafasi kwenye maonesho ya Ngongo, Lindi. Wiki mbili tatu baadaye huanza malalamiko kwamba barua hazijibiwi. Yapo malalamiko ya haki na yanafuatiliwa. Mengine lakini ukiyachunguza unakuta barua yenyewe haijawahi kuingia ofisini: ilipigwa picha, ikatumwa WhatsApp kwenye simu ya mkubwa fulani, basi. Siku hizi limeongezeka na la pili. Vikundi hivyohivyo huwaandikia vijana wenye kampuni za programu za simu kwa kutumia barua ileile ya serikali, wamebadilisha jina tu, halafu wanashangaa kijana naye kimya.

Tuchukue mfano mmoja. Kikundi cha wanawake wabanguaji wa korosho Nanyamba kinataka meza kwenye banda la mkoa, Ngongo, tarehe 1 hadi 8 Agosti. Kinataka pia kijana fulani wa Mtwara mjini, mwenye kampuni inayotengeneza programu ya kupokea oda na malipo, awasaidie kwenye meza hiyo. Shughuli ni moja, na wasomaji ni wawili: Katibu Tawala wa Mkoa na huyo kijana. Wengi hudhani tofauti ya wasomaji hawa ni cheo, kwa hiyo mmoja anarundikiwa sifa na mwingine anaitwa "dogo". Cheo kina nafasi yake, lakini kinachoamua namna ya kuandika ni safari ya maandishi yenyewe mpaka yamfikie mwenye uamuzi.

Barua ya Katibu Tawala haianzi kusomwa na Katibu Tawala. Inaanzia masijala. Inafunguliwa, inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, inaandikwa kwenye rejesta ya barua zinazoingia, kisha inatafutiwa jalada. Ndani ya jalada inapewa namba ya folio, na jalada ndilo linalokwenda kwa mkubwa. Yeye huandika dokezo, kwa mfano kuelekeza Sehemu ya Uchumi na Uzalishaji itoe ushauri. Jalada linashuka, linapanda tena na maoni, ndipo jibu linaandaliwa. Kwa hiyo barua hiyo inasomwa na watu wanne au watano ambao hawakujui, na kila mmoja anatakiwa aelewe kwa haraka ni ya nini na aipeleke wapi. Ofisi zinazotumia mfumo wa ofisi mtandao zinafuata njia hiyohiyo kwenye kompyuta.

Ndiyo maana kichwa cha barua kina uzito kuliko salamu. Barua yenye "YAH: MAOMBI" haimwambii mtu wa masijala achukue jalada gani. Afadhali iwe ndefu kidogo: "YAH: OMBI LA NAFASI KATIKA BANDA LA MKOA, MAONESHO YA NANENANE NGONGO, TAREHE 1 HADI 8 AGOSTI". Na barua moja ibebe jambo moja. Tunapokea barua inayoomba meza ya maonesho, inalalamikia barabara ya kijiji na kushukuru kwa kisima, vyote kwenye ukurasa mmoja. Hayo ni majalada matatu. Mwandishi anaona ameokoa karatasi, kumbe mambo mawili kati ya hayo yanaweza kubaki kwenye jalada ambalo mhusika wake halifungui.

Mwandikiwa aandikwe kwa cheo: Katibu Tawala wa Mkoa, Ofisi ya Mkuu wa Mkoa, sanduku la posta, mji. Msiandike jina lake. Barua yenye jina la mtu inaweza kuchukuliwa kuwa ni yake binafsi, ikawekwa pembeni bila kufunguliwa. Akihamishwa, barua ya cheo inabaki ofisini na mrithi wake anaikuta kwenye jalada, wakati ujumbe wa simu umeondoka naye. Msiandike pia "SIRI" juu ya bahasha mkidhani itawahi. Neno hilo linaipeleka masijala ya siri, ambako wanaoruhusiwa kufungua ni wachache, na ombi lenu la meza litasubiri huko pamoja na mambo mazito.

Kuhusu "Mheshimiwa", nadhani tumeeleza vya kutosha lakini turudie. Mheshimiwa ni Mkuu wa Mkoa, Mkuu wa Wilaya, mbunge, diwani na wengine wa namna hiyo. Katibu Tawala ni mtumishi wa umma, na "Ndugu" inamtosha kabisa. Hakuna barua inayokataliwa kwa sababu mwandishi ameweka Mheshimiwa pasipotakiwa. Ila aya nzima ya "Mheshimiwa sana, mchapakazi usiyelala, Mungu akuzidishie" inasukuma ombi hadi ukurasa wa pili, na hakuna afisa anayeandika dokezo kuhusu dua. Shikamoo nayo haiingii kwenye barua hii. Shikamoo hufuata umri, barua hufuata ofisi. Mama wa miaka sitini anamwandikia Mkuu wa Wilaya wa miaka thelathini na tano "Mheshimiwa", na wakikutana mlangoni ni Mkuu wa Wilaya anayemwamkia mama.

Mwili wa barua ya kikundi chetu unaweza kuwa hivi:

"Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

2. Sisi ni kikundi cha wanawake wabanguaji wa korosho katika Halmashauri ya Mji Nanyamba. Tunaomba nafasi ya meza moja katika banda la mkoa ili kuonesha na kuuza korosho zilizobanguliwa.

3. Tutajigharamia usafiri, chakula na malazi. Tutahitaji umeme wa mashine moja ya kufungia pakiti.

4. Tumeambatisha nakala ya cheti cha usajili na muhtasari wa kikao kilichopitisha ombi hili.

5. Tunaomba kuwasilisha."

Chini wasaini mwenyekiti na katibu, majina yasomeke, na namba ya simu iwe ya mtu anayepokea. Juu, chini ya anuani ya mwandikiwa, iwepo K.K., yaani kwa kupitia: hapa ni Mkurugenzi wa Halmashauri ya Mji, baada ya Afisa Mtendaji wa Kata. K.K. si pambo. Ukiiandika maana yake barua imepita huko, na yule uliyemtaja ametia maoni, saini na muhuri. Ikifika bila muhuri wake, itarudishwa ikapite. Wapo wanaoona njia ya mkato ni kuchongesha muhuri mjini. Huko ni kughushi, ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka saba. Ikigundulika, barua haichanwi kama watu wanavyodhani. Inahifadhiwa kwa sababu inakuwa kielelezo. Aliyechonga, aliyegonga na aliyeiwasilisha akijua, wote wataulizwa. Mtendaji akikataa kusaini bila sababu, mwandikieni Mkurugenzi moja kwa moja mkieleza hivyo, na hilo linaruhusiwa.

Leteni nakala mbili. Moja inabaki, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa na mnaondoka nayo. Mkija kufuatilia, msituulize "ile barua yetu imefikia wapi"; onesheni nakala yenye tarehe, nasi tutaipata kwenye rejesta. Barua ya kukumbushia nayo ianze kwa kurejea tarehe hiyo.

Hapa kuna jambo linalotuchosha kidogo. Watu hutuletea Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 wakisema serikali lazima ijibu kila barua ndani ya siku 30. Siku 30 hizo ni za mwananchi anayeomba taarifa iliyopo mikononi mwa taasisi. Ombi la meza si ombi la taarifa, ni ombi la kibali. Lina haki ya kujibiwa, lakini kifungu hicho hakilihusu, na barua inayotishia mahakama katika aya ya kwanza haiharakishi chochote. Huenda ikapelekwa kwanza kwa mwanasheria, na huko ni kituo kingine njiani.

Sasa kijana wa kampuni changa. Kwake hakuna masijala. Anasoma mwenyewe, kwenye simu, pengine akiwa kwenye bajaji kati ya wateja wawili, na anaona mistari miwili mitatu ya kwanza kabla hajaamua kufungua. Barua yenye "Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu" na "Wako katika ujenzi wa taifa" inampotezea mistari hiyo. Pia inamtisha: wengine hudhani ni kodi au leseni wanadaiwa, wanaiweka ya baadaye. Mwandikieni hivi:

"Habari za asubuhi. Mimi ni katibu wa kikundi cha wabanguaji korosho Nanyamba. Tunataka kutumia programu yenu ya oda kwenye meza yetu Ngongo, tarehe 1 hadi 8 Agosti. Tuna simu mbili na wauzaji watatu. Mnatoza kiasi gani kwa siku hizo, na inafanya kazi mtandao ukikatika? Tukipata jibu kabla ya tarehe 10 Julai tutajipanga. Tukikosa tutatumia daftari."

Hapo ombi limetangulia, maswali ni mawili na yanajibika, na tarehe ya mwisho ina sababu. Heshima haijapungua. Anayeandika "oyaa dogo" kwa sababu kijana ana umri wa mwanawe anasahau kwamba anazungumza na mwenye kampuni kuhusu fedha. "Mwanangu" ni lugha nzuri ya nyumbani, lakini kwenye bei inamfanya kijana aone anaombwa bure. Na ujumbe wa sauti wa dakika nne msimtumie. Hawezi kuutafuta tena siku anapotaka kujua mlisema simu ngapi.

Wepesi huo una mwisho. Mkishakubaliana bei, idadi ya siku na nani analipia bando, mrudishe mambo kwenye barua yenye tarehe na saini, iandikwe kwa Mkurugenzi wa kampuni hata kama kampuni nzima ni watu watatu. Humo muandike pia nani atakaa na majina na namba za simu za wateja baada ya maonesho, na atazitumia kwa kazi gani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu nyote wawili, kikundi na kampuni, na "tulielewana kwa simu" haitawasaidia mteja akilalamika.

Kumfuatilia kijana, siku tatu au nne zinatosha kutuma mstari mmoja wa kumkumbusha. Kwa Katibu Tawala, subirini wiki mbili, kisha mje na ile nakala yenye muhuri. Ofisi za serikali zinafunguliwa saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa, na dirisha la masijala halihitaji miadi.