Mashati 48 na kanuni ya Euler: dhana potofu kuhusu nani analipwa nini

Mwaka 1894 Mwingereza Philip Wicksteed alichapisha kitabu kidogo kilichojaribu kuthibitisha jambo moja: kila nyenzo ya uzalishaji ikilipwa kwa kadiri ya kile inachoongeza, malipo yote yakijumlishwa yatalingana na zao lote, bila pungufu wala ziada. Uthibitisho wake ulikuwa mrefu wa kuchosha. Mwaka huohuo A. W. Flux, akikihakiki kitabu, alionyesha kwamba jambo hilo linatoka moja kwa moja kwenye kanuni ya Leonhard Euler, mwanahisabati Mswisi wa karne ya 18, tena kwa mistari michache tu.

Wanafunzi wengi huikariri mistari hiyo bila kuona kinachotendeka ndani yake. Basi tuwe na karakana ya kubuni ya kushona mashati. Ina vyerehani 8 (K) na saa 64 za kazi kwa siku (L), yaani mafundi 8 kwa saa 8. Zao lake la siku linafuata fomula hii:

```
F(K, L) = 1.5 × K^(1/3) × L^(2/3)
F(8, 64) = 1.5 × 2 × 16 = 48
```

Dhana: Saa zote zikilipwa kwa kiwango cha saa ya mwisho, kuna mashati yanayopotelea hewani.

Hoja hii si ya kijinga. Vyerehani vikibaki 8, saa za mwanzo huzaa sana kuliko za mwisho, kwa kuwa fundi wachache wana mashine tele. Karakana ikiwa na saa 8 tu za kazi, saa moja zaidi huongeza takriban shati zima. Ikifika saa 27, nyongeza ni theluthi mbili za shati. Kwenye saa 64 ni nusu shati. Sasa mshahara ni mmoja kwa saa zote: nusu shati. Jumla ya mishahara ni 64 × 0.5, yaani mashati 32. Mashati 16 hayamo mikononi mwa mafundi. Yako wapi?

Ukweli: Ni malipo ya vyerehani, na yanatosha kamili. Geuza upande: saa zikibaki 64, kila cherehani, kwa kiwango cha cherehani cha mwisho, kinaongeza mashati 2. Vyerehani 8 × 2 ni 16. Tulichokiona kama mabaki tulipohesabu kwa upande wa kazi ndicho hasa tunachokipata tukihesabu peke yake zao la nyongeza la vyerehani, yaani kile ambacho cherehani cha mwisho kinaongeza. Njia mbili zisizotegemeana zinakutana kwenye namba moja, na hapo ndipo uzuri wa kanuni ulipo.

Kwa nini zikutane? Ongeza kila kitu kwa asilimia 1. Saa zinaongezeka 0.64, na kwa nusu shati kila saa tunapata shati 0.32. Vyerehani vinaongezeka 0.08, na kwa mashati 2 kila kimoja tunapata 0.16. Jumla ni 0.48. Lakini katika fomula hii, nyenzo zote zikiongezeka kwa asilimia 1, zao nalo huongezeka kwa asilimia 1, na asilimia 1 ya 48 ni 0.48. Sasa zidisha kila kitu kwa 100: 32 + 16 = 48. Kanuni yenyewe, ikiandikwa kwa ukamilifu, ndiyo hii:

```
K × F_K + L × F_L = n × F
```

F_K na F_L ni zao la nyongeza la kila nyenzo, na n ni daraja la fomula, yaani zao huongezeka kwa asilimia ngapi nyenzo zote zikiongezeka kwa asilimia 1. Uzalishaji ukiwa sawia, yaani zao likiongezeka kwa kiwango kilekile cha nyenzo, n ni 1.

Ona pia kwamba hapa hakuna mgongano kati ya uzalishaji sawia na nyongeza inayopungua. Nyongeza ya saa inapungua kwa sababu vyerehani havikuongezwa. Vikiongezwa pamoja nazo, haipungui.

Dhana: Kwa hiyo Euler alithibitisha kwamba kila mtu hulipwa anachostahili.

Ukweli: Hakuthibitisha hata kwamba mtu yeyote hulipwa zao lake la nyongeza. Tuseme mwenye karakana hana mpinzani mtaani, akawalipa mafundi shati 0.4 kwa saa. Wanapata 25.6, naye anabaki na 22.4. Kanuni haijavunjika: mazao ya nyongeza bado yanajumlika kuwa 48. Kilichovunjika ni sharti la ushindani, kwamba waajiri wakigombania mafundi mshahara hufikia zao la nyongeza, na sharti hilo ni la uchumi, si la hisabati. Mmarekani J. B. Clark, katika kitabu chake cha 1899, aliyaona malipo ya namna hii kuwa ya haki. Huo ni msimamo wa maadili, na mtu anaweza kuutetea, lakini asiutundike shingoni mwa Euler. Tena fomula haiulizi vyerehani ni vya nani. Vikiwa vya ushirika wa mafundi wenyewe, zile 16 ni zao.

Dhana: Zao likiisha lote, mwenye biashara hapati kitu.

Ukweli: Anapata 16 akiwa mwenye vyerehani, na ujira wake pia kama naye anashona. Kinachokuwa sifuri ni faida inayozidi malipo hayo.

Dhana: Kanuni hufanya kazi kwa fomula yoyote.

Ukweli: Hesabu inategemea n. Ikiwa n ni 1.25, asilimia 1 ya nyenzo huleta asilimia 1.25 ya zao, na malipo yanayodaiwa ni asilimia 125 ya mashati yaliyopo. Hayalipiki, ndiyo maana ushindani kamili haudumu mahali ambapo ukubwa unaleta nafuu isiyoisha. Ikiwa n ni 0.75, robo ya zao inabaki bila mwenyewe, na mara nyingi ni dalili kwamba kuna nyenzo iliyosahauliwa katika fomula, kama eneo au usimamizi. Knut Wicksell wa Sweden aliongeza jambo la maana: si lazima fomula iwe sawia kila mahali. Ushindani ukiwasukuma wazalishaji hadi pale gharama ya wastani ni ya chini kabisa, katika nukta hiyo uzalishaji ni sawia, na hilo linatosha.

Dhana: Ukitaka kujua zao la nyongeza, ondoa mashine moja uone.

Ukweli: Kwa makadirio, sawa. Lakini ondoa cherehani kimoja na unapoteza mashati 2.09, ongeza kimoja na unapata 1.92. Kanuni inazungumzia mteremko wa fomula kwenye nukta yenyewe, yaani 2. Ukilipa vyerehani vyote 2.09, hesabu itazidi mashati.

Kosa hilo ni dogo hapa kwa sababu fomula inaruhusu kazi na mashine kufidiana. Chukua karakana nyingine ambamo kila cherehani kinahitaji fundi mmoja, si zaidi wala pungufu, na bado inatoa mashati 48 kwa vyerehani 8 na saa 64. Uzalishaji wake ni sawia kabisa. Lakini saa ya ziada bila cherehani haiongezi kitu, na cherehani bila fundi vilevile, kwa hiyo ukilipa kwa kinachoongezeka jumla ni sifuri. Ukilipa kwa kinachopotea, saa moja ni shati 0.75 na cherehani kimoja ni mashati 6: jumla 96, mara mbili ya yaliyopo. Mteremko mmoja haupo kwenye nukta hiyo. Mshahara wowote kati ya sifuri na 0.75 unawezekana, na kiwango chenyewe kinaamuliwa na uhaba wa mafundi huko nje au na mazungumzo kati yao na mwenye vyerehani.