Mtu wa tatu ni nani magari yanapogongana?

Bima ya mtu wa tatu, ambayo wengi tunaiita bima ndogo, hulipa hasara ambayo mwenye gari amemsababishia mwingine, na gari lake mwenyewe hailigusi. Hata hivyo, magari yakikwaruzana tu utamsikia dereva akisema bima yake ndogo itamtengenezea gari, au akidhani mtu wa tatu ni abiria ama mpita njia aliyeshuhudia. Hesabu hiyo haihusu watu waliosimama barabarani, inahusu mkataba: wa kwanza ni mwenye bima, wa pili ni kampuni iliyomuuzia, na wa tatu ni mtu wa nje ya mkataba huo aliyepata hasara.

Tuseme IST imesimama kwenye taa za Mwenge, Dar es Salaam, ikagongwa nyuma na Noah; bampa limepasuka, hakuna aliyeumia, na magari yote mawili yana bima ndogo. Ikithibitika kuwa dereva wa Noah ndiye mkosaji, mwenye IST ni mtu wa tatu katika mkataba wa Noah, naye atalipwa na kampuni ya Noah. Mwenye Noah, kwa upande wake, taa yake iliyovunjika ataigharamia mfukoni.

Kwa sababu hiyo namba ya simu peke yake haitoshi. Baada ya kuwasha taa za tahadhari, kuweka pembetatu na kuhakikisha kwamba wote ni wazima, wapige picha magari yakiwa palepale yalipogongana, namba zake zikionekana, ndipo wayasogeze pembeni na kumwita trafiki. Kisha waandikiane majina, simu, namba za leseni na za magari, jina la mmiliki lililo kwenye kadi ya gari (dereva mara nyingi si mwenye mali), jina la kampuni ya bima, namba ya bima na tarehe inapokwisha. Bima hiyo ihakikiwe hapohapo kwa namba ya gari katika mfumo wa TIRAMIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, kwa maana iliyokwisha jana haimlipi mtu.

Kupeana taarifa si kukiri kosa. Kuandika karatasi ya kukubali kosa ni jambo jingine, na mikataba mingi ya bima humkataza mteja kufanya hivyo bila idhini ya kampuni. Kumalizana kienyeji nako kunawezekana, ila bampa la plastiki huweza kurudi umbo lake huku chuma cha nyuma yake kimepinda, na fundi akiligundua hilo kesho, fedha iliyopokelewa leo haitatosha.

Basi mwenye IST akisema, "Bima yangu italipa," aambiwe taratibu kwamba kampuni yake haidaiwi kitu katika ajali hiyo, na kwamba namba ya bima anayopaswa kuondoka nayo ni ya Noah.