Kufunga dampo la zamani Dodoma: yanayosemwa na yaliyo kweli

Inasemwa: leta kifusi, funika taka, kazi imeisha.

Udongo ukimwagwa kwenye ukingo ulio wima huteremka na mvua ya kwanza ya Desemba, na taka zikabaki wazi. Umbo hutangulia, udongo hufuata.

Chukua lundo lenye kitako cha mita 100 kwa 100, kimo mita 6, na kingo zinazopanda mita 1 kwa kila mita 1 ya mlalo. Mteremko unaoshika udongo na nyasi ni mita 1 ya kimo kwa mita 3 za mlalo, au mlalo zaidi ya hapo. Ili usihamishe taka nyingi, kata nusu ya juu ya ukingo na uijaze nusu ya chini. Kwa lundo hili, sehemu ya juu inarudi ndani mita 6 na kitako kinatoka nje mita 6, kwa hiyo hakikisha mapema kwamba eneo hilo la nje si la jirani wala si korongo. Taka zinazohamishwa ni takribani mita za ujazo 3,400. Buldoza lizipange kuanzia chini kwenda juu, kwa matabaka ya nusu mita, likipita kila tabaka mara tatu hadi tano. Taka zikisukumwa tu kutoka juu, ukingo unabaki laini na utachanika baadaye.

Juu pasiachwe bapa. Zoa taka zilizotapakaa kando, uzirundike katikati mpaka pawe na mwinuko wa asilimia 5 hivi. Taka zinaendelea kuoza na kutitia kwa miaka mingi, tena si kwa usawa, na palipo bapa patageuka bwawa.

Kama kuna moshi, usianze kufunika. Chimbua sehemu inayowaka, itandaze, izime kwa udongo. Moto uliozikwa hula taka taratibu na kuacha pango ambalo buldoza linaweza kutumbukia.

Inasemwa: udongo mweusi wa mbuga ndio bora, maana haupitishi maji.

Hili linawapoteza hata mafundi wazuri, kwa sababu ni kweli nusu. Mbuga ikiwa imelowa huzuia maji vizuri. Lakini Dodoma haipati mvua ya maana tangu Mei hadi Novemba, na katika miezi hiyo mbuga hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Mvua inaporudi, maji yanapita kwenye nyufa moja kwa moja hadi kwenye taka kabla udongo haujavimba na kuziba.

Kwa hali ya hewa yetu, mfuniko ufanye kazi kama sponji: ushike maji ya mvua, kisha jua na nyasi ziyatoe. Kinachofaa ni tifutifu, udongo mwekundu wenye mchanganyiko wa mchanga na mfinyanzi, unene wa sentimita 80 hadi 90. Unene wa sentimita 80 unaweza kuhifadhi maji ya mvua ya karibu milimita 100 kabla hayajaanza kupenya chini.

Kupima ni rahisi. Tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4, kipake mafuta, jaza udongo uliolowa na uuache ukauke kabisa. Usogeze upande mmoja, upime pengo. Likizidi sentimita 3, udongo huo unasinyaa mno.

Kwa lundo letu, sentimita 90 ni karibu mita za ujazo 11,600 zikishakaa. Udongo uliochimbwa huwa umefura, kwa hiyo hesabu safari kama 1,400 za tipa la mita za ujazo 10. Hapa ndipo bajeti nyingi hukwama, halafu unene unapunguzwa kimyakimya.

Inasemwa: shindilia mpaka pawe kama barabara, kisha panda miti.

Tifutifu iliyoshindiliwa kupita kiasi haishiki maji wala haipitishi mizizi. Uzito wa buldoza lenyewe unatosha. Otesha nyasi za asili mwishoni mwa Novemba, na uzuie ng'ombe angalau misimu miwili, kwa kuwa njia ya ng'ombe mteremkoni ni korongo la mwaka ujao. Miti ikae nje ya kitako. Ikiangushwa na upepo hung'oa mfuniko. Nyasi zikikauka kwa mabaka katikati ya masika, gesi inavuja hapo na kuinyima mizizi hewa.

Inasemwa: likishaota nyasi ni kiwanja.

Si cha nyumba. Msingi utapasuka kwa kutitia. Methani nayo hupenya hadi vyumbani, na ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, cheche ya swichi inatosha kuilipua. Kisima kisichimbwe hapo wala kando yake, na zabibu zisipandwe, maana umwagiliaji unarudisha maji yaleyale uliyoyazuia. Malisho ya kukata, uwanja wa mpira, au paneli za sola zilizokaa juu ya vitalu vya zege bila kutoboa mfuniko vinawezekana. Kila baada ya masika, pita juu na koleo na tifutifu ya akiba, ujaze mabonde kabla hayajawa madimbwi.