Sauti ya pawapointi si utepe mmoja

Mwalimu mwenzangu hapa Chake Chake alitaka kuwapelekea wanafunzi video ya somo la kuanika karafuu, slaidi 12. Usiku mmoja karekodi mara tatu, mana kila akifika ya saba ama ulimi unateleza ama mvua inapiga bati, basi anafuta zote anaanza tena bismillahi. Nikamwambia yakhe, unajitesa bure.

Wengi tunadhani PowerPoint inarekodi sauti kama kaseti, moja ndefu toka mwanzo mpaka mwisho. Sivo. Kila slaidi inabeba kipande chake cha sauti na muda wake, kwahiyo ya saba ikiharibika unasimama hapohapo kwenye ya saba, unaingia Record, unachagua From Current Slide, unasema upya halafu unasimamisha KABLA hujaenda ya nane. Ukisahau ukapitiliza unaanza kurekodi juu ya ya nane iliyokuwa nzima, na hapo ndo watu hulia.

Dhana ya pili ndo ilommaliza yeye. Alidhani anaweza kuendelea kusema huku slaidi inabadilika, kama tunavosema darasani. Kumbe slaidi inapobadilika PowerPoint hairekodi sauti. Yeye kaweka mbwembwe za sekunde 2 kila slaidi, na ana mtindo wa kubonyeza huku anamalizia sentensi, sasa kwenye video ikasikika "karafuu zikishakauka unazi..." kimya, slaidi mpya. Zimefanywa nini hizo karafuu, hatujui mpaka leo. Dawa yake: maliza sentensi, nyamaza kidogo, bonyeza, slaidi itulie, nyamaza kidogo tena, ndo useme.

Halafu kuna wanaosema slaidi isiyorekodiwa itasubiri mpaka mtu abonyeze. Video haina wa kumsubiri! Kwenye File > Export > Create a Video kuna kisanduku cha sekunde, kawaida kimekaa 5, na slaidi yoyote isiyo na muda inapewa hizo. Slaidi yake ya nne ilikuwa jedwali la madaraja ya karafuu, hakuirekodi, ikapita sekunde 5 hata safu ya kwanza hujamaliza kuisoma. Kuzijua mapema fungua View > Slide Sorter, chini ya kila slaidi utaona muda wake, isiyo na kitu ndo hiyo, iandikie kwenye Transitions sehemu ya After, sisi tuliweka sekunde 20.

Na palepale pa kutoa video hakikisha pameandikwa Use Recorded Timings and Narrations, ukiacha Don't Use sauti yote haimo na kila slaidi inakwenda kwa zile 5.

Ya WhatsApp fupi tu: ukiituma kama video inabanwa, maandishi madogo yanakuwa ukungu. Itume kama dokyumenti. Yake ya mwisho tuliitoa kwa HD (720p), jedwali lilisomeka vizuri tu kwenye simu.